UZI: Taa nyekundu ya betri inawaka kila nikiwasha taa kubwa jioni. Fundi anasema ninunue betri tena

Mkataba_Tandika

Habari za jioni wakuu. Nina bajaji ya mkataba, injini ya kabureta, ina stata ya umeme na ule mkono wa kuvuta chini. Mchana dashibodi haina tatizo. Ikifika saa moja usiku nikiwasha taa kubwa, ile taa nyekundu yenye alama ya betri inaanza kuwaka kidogo kidogo, nikivuta resi inafifia, nikisimama kwenye foleni inang'aa kabisa. Indiketa nazo zinakuwa nzito, zinakonyeza polepole kama zimechoka. Asubuhi stata inalia "tk tk" tu, navuta kwa mkono ndiyo inawaka.

Betri siyo ya zamani. Ilibadilishwa kabla ya mfungo kwa tatizo hilihili, tukaambiwa ya mwanzo imekufa. Ikatulia muda mfupi, sasa imerudi palepale. Leo fundi kaniambia tena ninunue betri, na nisipotaka betri basi ninunue rektifaya. Betri anasema 110,000, rektifaya 45,000. Hesabu ya bosi ni 15,000 kwa siku na mwisho wa mkataba bado mbali. Nikitoa pesa hiyo nikakosea, nalala njaa wiki nzima. Naomba mtu anayejua aniambie nianze kuangalia wapi kabla sijatoa hela.

JembeLaKijiwe

Pole mkuu. Hiyo rahisi. Washa injini, vuta resi kidogo, kisha chomoa waya wa betri, kichwa kimoja tu. Injini ikiendelea kuwaka, chaji ipo na betri ndiyo mbovu. Ikizima, koili ya chaji imekufa. Sisi hapa kijiweni Buguruni tunapima hivyo kila siku, haihitaji fundi.

FundiUmeme_Temeke

Ndugu Mkataba, tafadhali usifanye hicho alichokuambia Jembe. Namheshimu, najua vijiwe vingi wanapima hivyo, ila kwenye bajaji kipimo hicho kinaharibu vitu vizima. Betri ndiyo inayotuliza umeme unaotoka kwenye rektifaya. Ukiichomoa injini ikiwa inazunguka, umeme unaruka juu ghafla, taa zinaungua, sidiai inaweza kufa, na hiyo rektifaya unayotaka kuiokoa inaondoka nayo. Halafu jibu lenyewe haliaminiki, maana bajaji nyingine haiwezi kuwaka bila betri hata chaji ikiwa nzima kabisa.

Jambo la kwanza la kuelewa: ile taa nyekundu haijasema betri ni mbovu. Imesema umeme ulioko kwenye betri haufiki kiwango, maana yake betri inatoa kuliko inavyopokea. Sababu inaweza kuwa koili, rektifaya, waya, ethi, fyuzi, mzigo mkubwa, au betri yenyewe. Ndiyo maana mtu akiona taa tu akakutajia bei ya betri, amebahatisha.

Nijibu haya kwanza. Ukigeuza ufunguo kabla hujawasha injini, taa hiyo inawaka? Ukiwasha injini mchana inazima kabisa? Umefunga muziki au taa za ziada? Na je, umewahi kupita kwenye maji mengi?

Mkataba_Tandika

Asante fundi. Ufunguo ukigeuzwa inawaka, pamoja na ile ya kijani ya N. Injini ikiwaka mchana inazima. Muziki upo, spika mbili na amplifaya ndogo, niliikuta nayo, dereva aliyepita ndiye aliyefunga. Taa za ledi ziko mbili mbele. Maji nimepita sana Jangwani msimu wa masika, ila yalikuwa hayajafika kwenye siti.

FundiUmeme_Temeke

Vizuri. Kwamba inawaka kwa ufunguo na kuzima injini ikishika ni habari njema, balbu ya onyo ni nzima na chaji ipo kiasi fulani. Wengine msomao uzi huu, jaribuni hilo asubuhi kabla ya kutoka. Bajaji ambayo taa ya betri au ya oili haiwaki kabisa ufunguo ukigeuzwa, haina maana iko salama. Balbu imeungua, au mtu aliitoa ili auze chombo bila maswali. Hiyo ni hatari zaidi kuliko taa inayowaka.

Sasa tafuta mita. Zile ndogo za njano pale Kariakoo, Gerezani, hazizidi 15,000, au azima kwa fundi redio. Weka kwenye 20 upande wa V wenye mstari ulionyooka, siyo ule wenye wimbi. Waya mweusi wa mita uwe kwenye tundu la COM.

Pima mara tatu, zote ncha za mita zikigusa vichwa vya betri vyenyewe, chuma cha risasi, siyo waya uliofungwa juu yake. Mara ya kwanza asubuhi kabla hujagusa ufunguo. Ya pili injini inawaka, resi ya wastani, kila kitu kimezimwa. Ya tatu resi ileile, taa kubwa imewashwa. Andika namba, usikariri.

TukutukuLikoni

Salaam kutoka Mombasa. Mimi yangu pia inawaka taa nyekundu, lakini ni ile yenye picha ya birika lenye tone. Huwaka injini ikishapata moto, nikiwa nimesimama foleni ya feri hapa Likoni. Nikivuta mafuta inazima. Nilibadilisha betri nikidhani ni hayo hayo mnayosema hapa. Bado yawaka. Je, nami nipime na mita?

FundiUmeme_Temeke

Hapana ndugu yangu wa Likoni, hiyo ni habari nyingine kabisa na ni nzito kuliko ya betri. Hiyo ni taa ya oili. Ya betri unaweza kufika nayo nyumbani. Ya oili ikiwaka unaendesha, unasimama pembeni na kuzima injini hapohapo, hata kama una abiria watatu na feri inaondoka.

Acha ipoe dakika tano mahali pa tambarare, toa kijiti cha oili, futa, rudisha, kisha angalia. Ikiwa chini ya alama, ongeza oili ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu cha chombo chako, halafu utafute inakotoka. Ikiwa imefika alama na taa bado inawaka injini ikiwa ya moto kwenye sailensi, basi ama oili imechoka na kuwa nyepesi kama maji, ama sailensi yako imeshushwa mno, ama pampu na beringi zimeanza kuisha. Inaweza pia kuwa swichi ya oili yenyewe inadanganya, lakini hilo linathibitishwa kwa geji ya fundi. Usilichukulie kuwa jibu kwa sababu ndiyo la bei ndogo. Ulimwaga oili lini mara ya mwisho, na uliweka ya aina gani?

TukutukuLikoni

Oili huwekwa na mwenye tukutuku, mimi napewa tu asubuhi. Nitamuuliza. Shukran.

BosiWaMbili

Mimi ni mmiliki, nina bajaji mbili barabarani. Ningependa madereva wajue kuwa sisi tunachoka kuambiwa "bosi betri" kila mara. Hii ya muziki ndiyo inaua betri. Dereva anafunga spika kubwa kuliko chombo, halafu betri ikifa nilipe mimi. Kwangu muziki marufuku na betri zinakaa.

JembeLaKijiwe

Bosi, abiria wa siku hizi bila muziki hapandi, anaita nyingine. Na wewe unataka hesabu kamili.

Fundi, nimekuelewa kuhusu kuchomoa. Ila bado nasema betri yake imekufa. Inayolia "tk tk" asubuhi imekufa, nimeona nyingi.

Mkataba_Tandika

Wakuu nimerudi. Nimeazima mita kwa jirani anayetengeneza simu. Asubuhi kabla ya ufunguo, 12.0. Injini inawaka, resi ya wastani, hakuna kilichowashwa, 13.2. Nikiwasha taa kubwa, resi ileile, inashuka hadi 12.3. Nikiongeza muziki inafika 11.9 na taa nyekundu inawaka wazi.

FundiUmeme_Temeke

Umepima vizuri, namba zako zinasema mengi.

Betri nzima iliyojaa na kupumzika usiku inasoma 12.6 hivi au zaidi kidogo. Yako 12.0, ina njaa. Jembe ana sehemu ya ukweli, betri hiyo imeumia. Lakini angalia ya pili na ya tatu. Chaji nzuri kwa resi ya wastani inatakiwa ikae kati ya 13.5 na 14.5, na ukiwasha taa kubwa ishuke kidogo tu. Taa kubwa ya wati 35 inakula karibu ampea 3, hiyo siyo ya kuangusha chaji karibu volti nzima. Hapo hata ukifunga betri mpya ya gharama, itaanza kufa siku hiyohiyo ya kwanza. Nadhani ndicho kilichoipata ile uliyobadilisha.

Namba ingekuwa juu ya 15, ningekuambia simamisha bajaji mara moja, rektifaya imeshindwa kuzuia, betri ingechemka na kunuka kama yai bovu. Siyo kwako.

Kwa hiyo swali linabaki moja. Je, umeme hautoki, au unatoka na kupotea njiani? Tafuta rektifaya. Ni kile kiboksi cha bati la aluminiamu chenye mapezi, kimefungwa kwa bolti kwenye bodi. Soketi yake usiichomoe. Ingiza ncha nyembamba ya mita kwa nyuma ya soketi, kwenye waya unaopeleka chaji kwenye betri, mara nyingi ni mwekundu, lakini rangi hubadilika mafundi wakishapita, kwa hiyo uufuate kwa macho. Ncha nyeusi weka kwenye waya mweusi wa rektifaya. Injini inawaka, resi ileile, taa kubwa imewashwa. Niambie inasoma ngapi pale. Angalia ncha zisigusane, na mikono na nguo zikae mbali na vinavyozunguka.

BintiMbagala

Samahani kwa kuingilia. Mimi naendesha mpya ya injekisheni, haina kabureta. Yangu ni taa ya njano yenye picha ya injini. Iliwaka asubuhi moja baada ya stata kuwa nzito, injini inaenda kawaida tu, mafuta haili zaidi. Ninaogopa kuendelea na kazi, na dukani nilikonunua wananipa tarehe ya mbali.

FundiUmeme_Temeke

Dada, njano iliyotulia na injini haikosi nguvu, hairuki, haitoi moshi, unaweza kumaliza kazi ya siku ukiwa makini. Ikianza kukosa nguvu au kuzima yenyewe barabarani, paki. Umetaja stata nzito, na hapo ndipo ningeanza. Kompyuta ya injekisheni inaudhika umeme ukishuka sana wakati wa kuwasha. Kaza vichwa vya betri, safisha, pima asubuhi kama alivyopima mwenzako. Kama betri ni nzima, nenda kwa mwenye mashine ya kusomea kodi za hitilafu. Usikubali mtu achomoe sensa moja moja kwa kubahatisha, kila anayochomoa inaongeza kodi nyingine na utamchanganya atakayesoma baadaye.

BintiMbagala

Kichwa kimoja cha betri kinacheza kweli, nimekishika kwa mkono kikazunguka. Nimekikaza. Taa bado ipo ila nitaangalia kesho na keshokutwa.

FundiUmeme_Temeke

Inaweza kuchukua kuwasha na kuzima mara kadhaa kabla haijaondoka yenyewe, kama chanzo kilikuwa hicho. Isipoondoka, isomwe. Mimi hapa siwezi kukuahidi.

Mkataba_Tandika

Fundi, nimepima pale kwenye rektifaya. 14.2! Taa kubwa imewashwa, na betri wakati huohuo inasoma 12.3. Nimerudia nikidhani nimekosea, inarudi vilevile.

JembeLaKijiwe

Inawezekanaje? Si waya ni mmoja huohuo?

FundiUmeme_Temeke

Sasa tumefika. Rektifaya yako ni nzima, koili yako ni nzima. Zinatengeneza 14.2 na betri inapata 12.3. Karibu volti mbili zinabaki njiani, na umeme unaobaki njiani unageuka joto. Kuna mahali pameungua, Mkataba. Ukinunua rektifaya ya 45,000 leo, kesho jioni taa inawaka palepale.

Jembe, waya ni mmoja lakini unapita kwenye viungo. Kiungo kikilegea au kikiota ule ukungu wa kijani, kinaubana umeme. Umeme ukiwa kidogo, mchana, hasara inakuwa ndogo na huioni. Ukiwasha taa kubwa, unaopita unaongezeka na hasara inakua nao. Ndiyo maana tatizo lake ni la jioni.

Tuitafute hasara hiyo ilipo. Injini inawaka, taa kubwa imewashwa, mita ileile 20. Weka ncha nyekundu pale kwenye waya wa chaji wa rektifaya, ncha nyeusi kwenye kichwa cha betri cha chanya. Ndiyo, chanya na chanya. Waya mzima ungesoma karibu na sifuri, 0.2 au 0.3 siyo mbaya. Kisha hasi na hasi, waya mweusi wa rektifaya na kichwa hasi cha betri. Upande utakaosoma kikubwa ndio wenye ugonjwa. Ukishaujua, sogeza ile ncha nyeusi kiungo kwa kiungo kutoka betri kurudi rektifaya. Namba itakapoanguka ghafla, umekiruka kiungo kibovu.

Mkataba_Tandika

Hasi kwa hasi 0.2. Chanya kwa chanya 1.7. Nimefuata waya hadi kwenye kiboksi cha fyuzi. Kabla ya fyuzi kubwa na baada yake ni tofauti sana. Nimezima, nimetoa betri hasi kwanza, nimefungua kiboksi. Plastiki imekuwa rangi ya kahawia na imelainika upande mmoja, mguu wa fyuzi umekuwa mweusi. Na nimeona kitu kingine. Waya wa amplifaya umeingizwa kwa nguvu kwenye tundu lilelile pamoja na mguu wa fyuzi. Hawakuufunga popote, wameusokomeza tu.

FundiUmeme_Temeke

Basi ndiyo hiyo. Waya uliosokomezwa umetanua midomo ya lile tundu, fyuzi ikawa inagusa kwa ncha badala ya kubanwa vizuri. Pakawa panapata moto, panaungua, panazidi kulegea, panazidi kupata moto. Volti 1.7 zinazopotea hapo na ampea tano au sita zikipita, ni karibu wati 10 za joto ndani ya kiplastiki kidogo kama kiganja cha mtoto. Umeiwahi. Nimewahi kufungua bajaji ambayo kiboksi kimeyeyuka hadi waya zimegusana.

Usikisugue kwa msasa ukarudisha. Chuma kilichopata moto namna hiyo kimepoteza ugumu, hakitabana tena. Kata hicho kiota cha fyuzi, funga kipya cha kujitegemea, vile vya waya mnene vinauzwa 3,000 mpaka 5,000. Kata waya nyuma mpaka uone shaba inayong'aa, siyo nyeusi. Unganisha kwa kubana na kichuma chake kwa koleo, siyo kusokota na tepu. Fyuzi iwe ya namba ileile iliyokuwepo kiwandani, iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kiboksi. Usiweke kubwa zaidi, na usiweke waya wa shaba badala ya fyuzi hata kwa siku moja. Fyuzi inayokatika kila mara inakuonyesha kuna mahali pana shoti.

Amplifaya ikitaka kubaki, ipewe waya wake kutoka kwenye betri na fyuzi yake ndogo karibu na betri.

BosiWaMbili

Nilisema muziki.

FundiUmeme_Temeke

Umesema kweli nusu, mzee wangu. Muziki ulileta tatizo kwa jinsi ulivyofungwa. Mita yake imeonyesha chaji ya 14.2 pamoja na taa kubwa. Mzigo haujakizidi chombo mchana wala usiku akiwa anatembea. Kwenye sailensi ndiko wasiwasi wangu upo, hilo tutaliona akishafunga.

Na kuna la kwako pia. Dereva anapokuambia taa ya betri inawaka, mpe ruhusa ya kupima kabla ya kununua. Mita ya 15,000 ingekuokolea betri nzima.

Mkataba_Tandika

Nimefunga jana jioni na fundi mwingine wa hapa mtaani, nikasimama naye mpaka mwisho. Kiota, vichuma na kazi yake, jumla 11,000. Sasa betri inasoma 14.1 kwa resi ya wastani na 13.8 nikiwasha taa kubwa. Taa nyekundu imezima. Indiketa zinakonyeza kwa kasi yake.

Ila mambo mawili. Kwenye sailensi, taa kubwa na muziki vikiwa pamoja, inashuka 12.4 na taa nyekundu inapepesa kidogo. Na asubuhi ya leo stata imeshika lakini kwa uvivu. Kabla ya ufunguo betri imesoma 12.2.

JembeLaKijiwe

Betri hiyo imekufa, nilisema tangu mwanzo.

FundiUmeme_Temeke

Jembe, kwa hili huenda uko sahihi, lakini tofauti ni kwamba sasa akinunua betri itaishi. Mkataba, kwanza ipe nafasi. Peleka betri ichajiwe usiku kucha kwa chaja ya polepole. Yako imeandikwa Ah ngapi? Kama ni 32, ampea 3 zinatosha. Mwambie mwenye chaja asikupigie ile chaji ya haraka ya saa moja. Ikiwa ni ya vifuniko vya maji, fungua uone kama sahani zimefunikwa, ongeza maji ya betri tu, usiongeze asidi. Kisha iache bila kuguswa masaa kadhaa, pima. Halafu mtu apige stata wakati mita iko kwenye vichwa. Ikikaa juu ya 9.6 wakati stata inazungusha, endelea nayo. Ikianguka chini ya 9, usibishane nayo.

Ya sailensi haijanitisha. Bajaji kwenye mzunguko wa chini haitengenezi umeme mwingi, na ukiweka taa kubwa, ledi mbili, breki na muziki, inaweza kuzidiwa kidogo, ikalipwa ukianza kutembea. Angalia pia sailensi yako kama haijashushwa kupita kiasi, watu huishusha wakidhani wanaokoa mafuta.

FundiRedio_Tabata

Naomba nipingane kidogo na mwenzangu. Kupepesa kwenye sailensi siyo kawaida kwa kila chombo. Nimekuta zenye koili moja kati ya tatu imeungua zikaonyesha hivyohivyo: resi juu nzima, sailensi inalia. Kama nyaya zinazotoka kwenye injini kwenda rektifaya ni tatu za rangi moja, chomoa soketi hiyo, washa injini, weka mita upande wa wimbi kwenye 200, pima kila jozi. Jozi zote tatu zinatakiwa zifanane. Moja ikiwa chini waziwazi, koili imeanza kufa. Kisha zima injini, weka mita kwenye alama ya kengele, gusa kila waya na bodi. Isilie hata mmoja.

FundiUmeme_Temeke

Ni kipimo kizuri na sina ubishi nacho, ila kwa 13.8 na taa kubwa ningeanza na sailensi na mzigo. Akiwa na muda akipime. Namba zikija tutajua nani kati yetu yuko karibu zaidi. Tahadhari moja, kipimo hicho kiwe kifupi, nyaya hizo zina umeme wa kuuma injini ikiwa na resi.

Mkataba_Tandika

Nitazipima Jumapili, siku ambayo sitoi hesabu. Betri inaenda kwa mwenye chaja leo jioni, imeandikwa 32 Ah. Swali la mwisho kwa leo. Ikiwa siku nyingine taa itawaka mchana niko mbali, mfano nimempeleka mtu Gongo la Mboto, nifanye nini ili nirudi?

FundiUmeme_Temeke

Zima muziki, ledi, taa kubwa kama ni mchana na jua lipo. Ukisimama kushusha abiria usizime injini, kila ukipiga stata unatoa umeme mwingi kwenye betri. Ikilazimu kuzima, washa kwa mkono wa kuvuta. Tembea kwa mzunguko wa wastani, usiikokote kwenye gia kubwa. Ukiona indiketa zinagoma na injini inaanza kukosa moto, tafuta pa kupaki mapema, isije ikakuzimikia katikati ya reli. Na kama usiku umeshaingia, usijaribu kurudi bila taa kubwa ili kuokoa betri. Iache kwa mlinzi.

BosiWaMbili

Mimi nimenunua mita leo. Ya kwanza imesoma 14.0. Ya pili 15.3 kwa resi, na dereva wake anasema balbu za mbele zinaungua mara kwa mara. Hiyo ndiyo uliyosema isimamishwe?

FundiUmeme_Temeke

Ndiyo, mzee. Kabla hujanunua rektifaya, kaza bolti zake, safisha waya wake mweusi mpaka kwenye bodi, kisha pima hasi na hasi kama alivyofanya Mkataba. Nyingine zikikosa ethi nzuri zinasoma vibaya na kupandisha chaji. Ikibaki 15.3 ethi ikiwa safi, hiyo ni ya kubadilisha, na isitoke kazini mpaka ibadilishwe.

TukutukuLikoni

Fundi, nimemuuliza mwenye chombo. Oili ya mwisho aliweka kabla ya Idi, hakumbuki ni Idi gani. Kijiti kimetoka kikavu.

FundiUmeme_Temeke

Usiiwashe. Weka oili kwanza ifike alama, kisha vuta kwa mkono mara kadhaa ufunguo ukiwa umezimwa ili oili ipande. Ukiiwasha, taa isipozima ndani ya sekunde chache, zima na uite fundi wa injini hapohapo ilipo. Na umwambie mwenyewe ajue ilikuwa kavu, asije akasikia injini inagonga baadaye akadhani ni wewe.